Mzunguko wa stoki na siku za stoki katika depo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninafanya kazi ya kutunza vitabu vya hesabu vya depo na butiki hapa Lubumbashi, nyingi zikiwa upande wa komini ya Kenya. Maswali haya ni yale ninayoulizwa kila mwisho wa mwaka, wakati wenye depo wanapoona faida kwenye karatasi lakini kashi haina kitu. Mfano unaotembea katika ukurasa wote ni wa depo moja ya chakula na vyombo. Tarakimu nimezikata ziwe nyepesi kuhesabu, ila sura ya jambo nimeiacha kama nilivyoikuta.

## Mwanzo

Mzunguko wa stoki ni nini hasa?

Ni idadi ya mara ambazo fedha uliyoweka katika mali iliuzwa ikarudi, kisha ikanunua mali tena, ndani ya muda fulani. Depo yenye mzunguko wa 6 kwa mwaka imeuza mali yenye thamani ya stoki yake ya kawaida mara sita. Hii haina maana kwamba kila kitu kimetoka mara sita. Huenda unga umetoka mara ishirini na sufuria hazijatoka hata mara moja, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Nimeeleza chini ya "Mali kwa mali".

Na siku za stoki?

Ni jambo lilelile likisemwa kwa siku. Ukigawanya siku 365 kwa mzunguko, unapata siku ambazo mali hukaa kwako kwa wastani kabla ya kuondoka. Mzunguko wa 6 ni karibu siku 61.

Mimi napenda kuzungumza kwa siku. Ukimwambia mwenye depo kwamba mzunguko wake ni 6, atakutazama tu. Ukimwambia kwamba dola aliyoitoa leo atakaa miezi miwili bila kuiona, anavuta kiti.

Kuna kanuni gani?

Ni tatu tu, na ya kwanza ndiyo inayotoa jasho:

```
Gharama ya mali iliyouzwa = stoki ya mwanzo + manunuzi - stoki ya mwisho
Mzunguko = gharama ya mali iliyouzwa / stoki ya wastani
Siku za stoki = 365 / mzunguko
```

Wa benki wengine hutumia 360 mahali pa 365. Haidhuru, mradi usichanganye mwaka huu na huu. Ukihesabu miezi mitatu, weka siku za miezi hiyo mitatu. Kwa Aprili hadi Juni ni 91.

## Hesabu yenyewe

Nitumie bei ya kuuzia au bei ya kuingia?

Bei ya kuingia, juu na chini. Stoki yako umeiandika kwa bei uliyoinunulia, kwa hiyo mauzo nayo lazima yahesabiwe kwa bei hiyohiyo. Ukigawanya mauzo ya bei ya kuuzia kwa stoki ya bei ya kuingia, umeingiza faida katika hesabu ya mwendo, na mwendo utaonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Kosa hili halionekani sana kwa unga, kwa kuwa faida yake ni nyembamba. Linaumiza kwa vitu vyenye faida nene. Katika depo ya mfano wetu, sufuria na vyombo vya plastiki viliuzwa dola 16,800 kwa mwaka, na viliingia kwa dola 12,000. Stoki yake ya wastani ni dola 14,000. Kwa bei ya kuuzia unapata siku 304, kwa bei ya kuingia unapata siku 426. Miezi minne imefichwa na kosa moja, na imefichwa palepale penye ugonjwa.

Bei ya kuingia ina nini ndani yake?

Kila kitu ulicholipa hadi mali ifike mlangoni: bei ya muuzaji, lori, forodha, wapakuzi. TVA ya asilimia 16 haiingii ikiwa wewe ni mlipaji uliyesajiliwa na unairudishiwa. Ikiwa huirudishiwi, basi ni gharama yako na inaingia.

Angalia sana lori. Wengine huandika bei ya muuzaji katika manunuzi, kisha lori wanaliweka peke yake kwenye usafiri. Mali iliyotoka mpakani Kasumbalesa inaonekana rahisi kuliko ilivyo, na bei ya kuuzia inapangwa juu ya uongo huo.

Nina ripoti ya mwaka ya kontable wangu. Nichukue tarakimu wapi?

Tangu 2012 Kongo ni mwanachama wa OHADA, muungano wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, kwa hiyo ripoti yako inafuata SYSCOHADA, mpangilio wake wa vitabu vya hesabu. Kwenye hesabu ya matokeo, mistari ya juu kabisa ni TA (mauzo ya mali), RA (manunuzi ya mali) na RB (badiliko la stoki). Gharama ya mali iliyouzwa ni RA pamoja na RB. Angalia alama ya RB: stoki ikipungua inaongeza gharama, ikikua inaipunguza. Stoki yenyewe utaiona kwenye bilanzo, na katika vitabu iko kwenye konti ya 31.

Ripoti hiyo inakupa stoki ya mwanzo na ya mwisho wa mwaka tu. Kwa nini haitoshi, soma jibu linalofuata.

Stoki ya wastani naipataje? Si nijumlishe ya mwanzo na ya mwisho, nigawanye kwa mbili?

Vitabu vya shule vinasema hivyo. Kwa depo ya hapa kwetu, njia hiyo inaweza kukupotosha vibaya, na mfano wetu unaonyesha kiasi gani.

Depo ilianza Januari na stoki ya dola 18,000. Mwaka mzima ilinunua mali ya dola 150,000. Tarehe 31 Desemba ilikuwa na stoki ya dola 12,000. Gharama ya mali iliyouzwa ni 18,000 + 150,000 - 12,000, yaani dola 156,000. Wastani wa mwanzo na mwisho ni 15,000. Mzunguko unakuwa 10.4, na siku 35. Mama mwenye depo alifurahi.

Ila mama huyo alikuwa na daftari la kuhesabu stoki kila mwisho wa mwezi, na hakuna aliyewahi kulifungua kwa kazi hii. Kuanzia tarehe 1 Januari, kisha mwisho wa kila mwezi, kwa maelfu ya dola, lilisema hivi: 18, 22, 24, 26, 27, 29, 31, 34, 33, 30, 28, 24, 12. Jumla ni 338. Gawanya kwa 13, unapata 26.

Kumbe stoki ya kawaida ni dola 26,000, si 15,000. Mzunguko ni 156,000 / 26,000 = 6. Siku ni 61. Desemba ni mwezi wa sikukuu, watu hununua, na malori ya Januari hayajafika. Kuipima depo kwa Desemba ni kama kumpima mtu uzito siku ya mfungo.

Sijahesabu kila mwezi. Nifanye nini?

Ukiwa na hesabu nne za mwaka, tumia hizo nne pamoja na ile ya mwanzo. Ukiwa na mbili tu, tafuta fakture za manunuzi na daftari la mauzo, urudi nyuma mwezi kwa mwezi: stoki ya mwisho wa Novemba ni ile ya Desemba, toa ulichonunua Desemba, ongeza ulichouza Desemba kwa bei ya kuingia. Ni kazi ya jioni mbili, na inachosha macho, lakini inatoa picha iliyo karibu na ukweli kuliko wastani wa siku mbili za mwaka.

Naweza kuiweka kwenye Eksel?

Ndiyo. Kompyuta nyingi za hapa zina Eksel ya Kifaransa, kwa hiyo neno la wastani ni `MOYENNE`, si lile utakalolikuta kwenye masomo ya Kiingereza. Ukiweka hesabu zako 13 kwenye safu ya B na gharama ya mali iliyouzwa kwenye E1:

```
E2: =MOYENNE(B2:B14)
E3: =E1/E2
E4: =365/E3
```

Usiache nafasi tupu kwa mwezi ambao hukuhesabu ukidhani Eksel itaweka sifuri. Nafasi tupu inarukwa. Ukiandika 0 ndipo inaingia kwenye wastani, na itaushusha.

## Kusoma majibu

Siku 61 ni nzuri au mbaya?

Peke yake haisemi kitu. Hakuna tarakimu moja iliyo nzuri kwa kila depo, na anayekutajia moja anauza maneno. Linganisha na vitu vitatu vya kwako mwenyewe.

Kwanza, mali yako inadumu muda gani. Unga wa mahindi ukikaa miezi kwenye joto na unyevu wa mvua, unaanza kusogea wenyewe, fukusi wakiwa ndani. Sabuni haijali. Pili, mali mpya inachukua siku ngapi kufika tangu utoe komande. Ukiwa na siku 20 za mafuta na lori linachukua siku 25, una pengo la siku tano. Tatu, muuzaji anakupa siku ngapi za kulipa. Akikupa siku 30 na mali inatoka kwa 15, unauza kwa fedha yake na nusu ya muda fedha hiyo iko mfukoni mwako. Mali ikikaa siku 61, siku 31 za mwisho unazibeba wewe.

Mzunguko ukipanda, si ni furaha siku zote?

Hapana. Mzunguko hupanda kwa njia mbili: unauza zaidi, au unashikilia kidogo zaidi. Njia ya pili ikizidi, rafu zinakuwa tupu na mteja anavuka barabara.

Angalia siku ambazo kitu kilikosekana. Kwa kanuni yetu ya kwanza, depo iliuza mifuko 4,800 ya unga ya kilo 25 kwa mwaka. Ukigawanya kwa 365 unapata mifuko 13 kwa siku. Lakini daftari lilionyesha siku 40 ambazo unga haukuwapo kabisa. Siku za kuuza zilikuwa 325, na mwendo wa kweli ni karibu mifuko 15 kwa siku. Kwa siku hizo 40, mifuko kama 590 ilikwenda kununuliwa kwingine. Mzunguko wa unga ulikuwa unang'aa kwenye karatasi kwa sababu hiyohiyo.

Siku za stoki za mwaka na siku nilizobaki nazo leo ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na ningeomba hili lishikwe. Siku za mwaka zinatazama nyuma na zinatumia wastani. Zinafaa kujua fedha imekaa wapi. Siku zilizobaki leo zinatazama mbele: chukua mifuko iliyopo sasa hivi, gawanya kwa mifuko inayotoka kwa siku katika wiki chache zilizopita. Hizi ndizo za kuamua komande.

Kwa hizi za leo, acha dola, hesabu mifuko. Tuseme iko 200 na inatoka 15 kwa siku. Una siku 13. Muuzaji anachukua siku 7 kuleta, na wewe unataka siku 5 za akiba kwa ajili ya lori linaloharibika njiani au foleni ya Kasumbalesa. Jumla 12. Mara 15, ni mifuko 180. Fishi ya stoki ikifika 180, unapiga simu siku hiyohiyo, hungoji Jumatatu.

Hiyo akiba ya siku 5 imetoka wapi? Kwa nini si 2 au 20?

Kutoka katika ucheleweshaji ulioupata mwenyewe. Chukua komande zako kumi za mwisho, andika siku ulizoahidiwa na siku zilizopita kweli. Kama mara nyingi lori lilichelewa siku 2 na mara moja siku 5, shika 5.

Halafu kuna yale yasiyoonekana kwenye komande kumi. Agosti 2024 Zambia ilifunga kwa siku chache mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, na imewahi mara kadhaa kuzuia mahindi yake yasitoke nje. Huwezi kuweka akiba ya kufunika zuio la miezi. Unga utaharibika kabla zuio halijaisha. Kwa jambo kama hilo, muuzaji wa pili anayetoa mali upande mwingine ana faida kuliko mifuko mia mbili ya ziada.

## Mali kwa mali

Kwa nini nihesabu kila mali peke yake wakati ninayo tarakimu ya depo nzima?

Kwa sababu tarakimu ya depo nzima ni supu. Hii hapa depo ileile, ikiwa imegawanywa. Tarakimu zote ni dola kwa bei ya kuingia.

| Mali | Iliyouzwa kwa mwaka | Stoki ya wastani | Mzunguko | Siku |
|---|---|---|---|---|
| Unga wa mahindi | 72,000 | 3,000 | 24 | 15 |
| Sukari | 36,000 | 4,000 | 9 | 41 |
| Mafuta ya kupikia | 36,000 | 5,000 | 7.2 | 51 |
| Sufuria na plastiki | 12,000 | 14,000 | 0.86 | 426 |
| Depo nzima | 156,000 | 26,000 | 6 | 61 |

Hakuna mali hata moja hapa inayokaa siku 61. Unga unapita mbio, sufuria zimelala, na wastani umesimama katikati mahali pasipo na mtu. Zaidi ya nusu ya fedha ya stoki, 14,000 kati ya 26,000, imefungwa katika mali inayoleta chini ya asilimia 8 ya mauzo.

Nakumbuka siku tuliyoingia nyuma ya depo na daftari hili mkononi. Sufuria zilikuwa zimepangwa ndogo ndani ya kubwa hadi karibu na bati, gazeti kati ya moja na nyingine, na gazeti lenyewe limegeuka rangi ya chai. Nikamuuliza mama ziko pale tangu lini. "Bile biko pale zamani, papa," akacheka, "ile lori ya kiangazi." Nikamuuliza kiangazi cha mwaka gani. Hapo hakucheka tena.

Lakini sufuria zina faida nzuri kuliko unga. Si ndiyo sababu ya kuzishika?

Swali zuri, na mama mwenyewe ndiye aliyelileta. Kila dola 10 ya sufuria anaiuza 14. Unga wa dola 10 anauza 10.60. Kwa mauzo ya mara moja, sufuria inashinda mbali.

Sasa weka muda ndani. Unga ulileta faida ya dola 4,320 kwa mwaka, kwa stoki ya dola 3,000. Kila dola iliyokaa kwenye unga ilizaa dola 1.44. Sufuria zilileta 4,800 kwa stoki ya dola 14,000, yaani senti 34 kwa kila dola. Faida ya jumla ni karibu sawa, lakini sufuria zilishika fedha karibu mara tano kuifikia.

Basi niziondoe sufuria kabisa?

Sikumshauri hivyo. Zilimpa dola 4,800, na kuna wateja wanaokuja kununua beseni la arusi kisha wanatoka na mfuko wa sukari. Lililokuwa na kasoro ni kiasi. Alikuwa anajaza lori zima kila kiangazi kwa sababu muuzaji alimpunguzia bei.

Tulijiuliza: zikikaa siku 180 badala ya 426, stoki yake inakuwa ngapi? Ni 12,000 × 180 / 365, karibu dola 5,900. Dola 8,000 na zaidi zingefunguka. Stoki ya depo nzima ingeshuka hadi 18,000 hivi, na siku kutoka 61 hadi 42, bila kuuza hata mfuko mmoja zaidi.

Namna ya kufika hapo ilikuwa kutonunua. Alikaa kiangazi kimoja bila lori, akauza zilizopo, saizi zisizotoka akazishusha bei karibu na ile ya kuingia. Saizi hizo ndizo zilizouma, kwa sababu kila mtu huona hasara siku ya kushusha bei, na hakuna anayeiona katika siku 426 zilizotangulia.

Hizo dola 8,000 nizipeleke kwenye unga, kwa kuwa ndio unaozunguka sana?

Polepole. Unga unazaa dola 1.44 kwa dola kwa sababu stoki yake ni ndogo na mtaa unakula kiasi fulani kwa siku. Ukileta mifuko 700 mahali pa 200, mtaa hautakula mara tatu. Mzunguko utaanguka na fukusi watakula wao.

Kinachofaa unga ni kuziba zile siku 40 za kukosekana, na kwa hilo mifuko michache ya ziada inatosha. Fedha inayobaki ilipe kwanza deni la muuzaji wa mafuta, kama anatoza riba au anakuuzia ghali kwa sababu unachukua kwa mkopo.

Nina aina mia mbili za vitu. Siwezi kuhesabu vyote.

Huna haja. Panga kwa fedha iliyokaa kwenye stoki, kubwa juu. Katika depo nyingi nilizofungua vitabu vyake, vitu ishirini vya juu vinabeba sehemu kubwa ya fedha. Hesabu hivyo kila mwezi. Vingine, viberiti na wembe, hesabu mara moja kwa mwaka na usipoteze usingizi.

## Mambo yanayopotosha

Ninauza kwa franga na kununua kwa dola. Nihesabu kwa ipi?

Moja tu, na iwe ile unayonunulia. Tuseme sukari iliingia kwa dola 20 wakati dola ni franga 2,800, ukaandika 56,000. Dola ikishuka hadi 2,300, mfuko uleule wa dola 20 unaandikwa 46,000. Gharama ya mali iliyouzwa imebeba franga za zamani, stoki imebeba franga mpya, na mzunguko unapanda bila mtu yeyote kununua sukari. Dola ikipanda, jambo linakwenda kinyume.

Ukitaka kukwepa shida hii kabisa, hesabu kwa mifuko, kama nilivyofanya kwa unga juu.

Bei ya kuingia inabadilika kila lori. Nitumie ipi kwa stoki iliyobaki?

SYSCOHADA inakubali njia mbili: kilichoingia kwanza kinatoka kwanza, au bei ya wastani inayopimwa kwa kiasi. Chagua moja ukae nayo. Kwa depo yenye fishi za karatasi, wastani ni rahisi. Njia ya kuhesabu kilichoingia mwisho kama kilichotoka kwanza haikubaliwi.

Kuna mali niliyolipia iko njiani. Ni stoki?

Kwa hesabu ya fedha, ndiyo, ikiwa imekwisha kuwa yako: fedha imetoka, na SYSCOHADA ina konti yake, ya 38. Kwa hesabu ya siku ulizobaki nazo leo, hapana. Mfuko ulio kwenye foleni Kasumbalesa haumlishi mteja aliyesimama mbele yako. Kosa la kuchanganya hizi mbili ni la kila wiki: mtu anaona "stoki" ya siku 30 kwenye karatasi, hatoi komande, na dukani kuna ya siku 4.

Mali ya mtu mwingine aliyokuachia uuze si stoki yako kabisa. Iandikie fishi yake peke yake.

Wizi unaonekana katika mzunguko?

Unaonekana kinyume, na hili ndilo linalonikera katika kanuni yetu ya kwanza. Gharama ya mali iliyouzwa tunaipata kwa kutoa stoki ya mwisho. Kila kitu ambacho hakipo mwisho wa mwaka kinahesabiwa kuwa kimeuzwa: kilichoibiwa, kilicholiwa nyumbani, kilichomwagika. Depo inayoibiwa inapata mzunguko mzuri.

Katika mfano wetu, kanuni ilisema mifuko 4,800 ya unga imeuzwa. Daftari la mauzo, tulipolijumlisha ukurasa kwa ukurasa, lilikuwa na 4,660. Mifuko 140 haikuwa na mteja. Kwa dola 15 kila mmoja, ni dola 2,100, karibu nusu ya faida yote ya unga kwa mwaka. Baadhi ilikuwa imekwenda jikoni kwa mama bila kuandikwa, naye akakubali. Iliyobaki hatukuipata.

Kwa hiyo, kabla ya kuamini mzunguko wa mali inayobebeka kwa bega moja, linganisha kanuni na daftari la mauzo. Tofauti ya mifuko michache ni ya kawaida. Ikikua mwezi hadi mwezi, hesabu stoki kila Jumamosi badala ya kila mwisho wa mwezi, ukiwa na mtu asiyeshika funguo za depo.

Depo yangu ina miezi mitano tu. Naweza kuhesabu mzunguko wa mwaka?

Hesabu siku kwa miezi hiyo mitano: siku za kipindi mara stoki ya wastani, gawanya kwa gharama ya mali iliyouzwa. Usikimbilie kuzidisha ili upate mwaka, hasa kama miezi mitano yako inaishia Desemba. Tena mwezi wa kwanza ulikuwa unajaza rafu, hukuwa unauza kwa mwendo wako. Ningeuacha nje, nianze na wa pili.